Barua ya kwanza kwa mnunuzi wa mbali: mwenyekiti ataje bei, au aombe kikao?

Mwenyekiti wa ushirika wa wakulima anapoketi kumwandikia mnunuzi ambaye hajawahi kumwona, aliyeko mbali na ambaye anatarajiwa kununua kila baada ya muda maalumu badala ya mara moja tu, huwa na njia mbili mbele yake. Anaweza kuandika barua inayotaja zao, kiasi na bei, akasubiri mnunuzi akubali au akatae. Anaweza pia kuandika barua inayoeleza ushirika una nini na unaweza nini, kisha ikaomba kikao cha kwanza kabla ya bei yoyote kuandikwa. Nimeshika kalamu ya ukatibu wa ushirika kwa misimu kadhaa na nimeziandaa barua za aina zote mbili ili mwenyekiti atie saini. Nitazilinganisha hapa nikitumia zao moja, maharage makavu ya rangi moja, kwa sababu huvunwa kwa wakati mmoja lakini huweza kukaa ghalani na kutolewa kidogo kidogo. Anayeuza mboga mbichi au maziwa ana shida nyingine, na sehemu ya hesabu zilizomo humu haitamfaa.

Barua ya kwanza, nitakayoiita barua ya bei, kiini chake huwa hivi: “Ushirika wetu unakuuzia maharage mekundu tani 60, kwa bei tuliyoitaja hapa chini kwa kila kilo, mzigo ukichukuliwa ghalani kwetu. Ofa hii itadumu kwa siku 30 tangu tarehe ya barua.” Barua ya pili, yaani barua ya kikao, husema: “Tunapendekeza tukutane ili tuzungumzie uwezekano wa ushirika wetu kukupatia maharage mekundu kwa utaratibu wa kudumu. Tarakimu zilizomo katika barua hii ni makisio ya kuongozea mazungumzo, wala si ofa ya kuuza, na makubaliano yoyote yatahitaji idhini ya bodi yetu.” Msomaji wa haraka ataona tofauti ya adabu tu, lakini tofauti yenyewe ni kubwa kuliko adabu.

Barua ipi inaufunga ushirika

Katika sheria za mikataba za nchi nyingi, anayetoa ofa iliyo wazi amekwisha kumkabidhi mwenzake uwezo wa kufunga mkataba kwa neno moja la kukubali. Mnunuzi akiwa katika nchi nyingine, na nchi zote mbili zikiwa zimejiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1980 kuhusu mauzo ya kimataifa ya bidhaa, jambo hilo limeandikwa waziwazi. Kifungu cha 14 kinasema kwamba pendekezo linaloelekezwa kwa mtu maalumu, linaloonyesha nia ya kufungwa nalo, likataja bidhaa na kuweka kiasi na bei au njia ya kuvipata, ni ofa. Kifungu cha 16 kinaongeza kwamba ofa iliyowekewa muda maalumu wa kukubaliwa haiwezi kuondolewa kabla ya muda huo kwisha. Soma tena barua ya bei hapo juu, na utaona kwamba sentensi zake mbili zimetimiza masharti hayo yote. Mwenyekiti aliyedhani anabisha hodi amekwisha kufungua mlango, na kwa siku 30 hana ruhusa ya kuufunga.

Kwa mfanyabiashara anayemiliki mzigo wake mwenyewe hilo si tatizo kubwa. Kwa mwenyekiti wa ushirika ni tatizo, kwa sababu maharage si yake. Siku anapotia saini, sehemu kubwa ya mzigo bado iko nyumbani kwa wanachama, pengine bado iko shambani, na kila mwanachama ana uhuru wa kuamua, bei ya barabarani ikipanda, kumpelekea mchuuzi anayepita na fedha mkononi. Ushirika unabaki na deni la tani ambazo hauna.

Yalitukuta haya. Tuliandika barua ya bei bila kuweka muda wowote, tukiamini kwamba kimya cha mnunuzi kwa wiki nne kilikuwa na maana ya kukataa. Jibu la kukubali lilifika katika wiki ya saba, wakati bei ilikuwa imepanda na zaidi ya nusu ya wanachama walikuwa wamekwisha kuuza. Hatukufikishana mahakamani, kwa kuwa mnunuzi alikuwa mtu wa kuelewana, lakini aliandika jambo ambalo sikulisahau: kwamba hakukasirishwa na upungufu wa mzigo kama alivyokasirishwa na barua iliyoahidi kitu ambacho mwandishi wake hakuwa na uwezo wa kukiahidi.

Barua ya kikao huepuka shimo hilo kwa sentensi moja inayosema kwamba hii si ofa, na kwa sentensi nyingine inayotaja ni chombo gani chenye mamlaka ya kuidhinisha. Wapo wanaohofia kwamba kutaja idhini ya bodi kunamfanya mwenyekiti aonekane mdogo. Mimi naona kinyume chake. Mnunuzi mzoefu anajua ushirika unavyoendeshwa, na mwenyekiti anayesema “naweza kuamua peke yangu” ndiye anayemtia wasiwasi.

Kiasi: tarakimu inayoandikwa na tarakimu inayowezekana

Hapa ndipo barua zote mbili huharibika, ila kwa njia tofauti, na ndipo ningependa tukae kidogo. Chukua ushirika wa mfano wenye wanachama 240, na kila mwanachama kwa wastani akivuna gunia 8 za kilo 100. Jumla ni gunia 1,920, yaani tani 192, na hii ndiyo tarakimu inayovutia sana kuandikwa. Lakini kila kaya huweka akiba ya chakula na mbegu. Tukikadiria gunia 3 kwa kila mwanachama, zinabaki gunia 5, na jumla inashuka hadi tani 120. Hata hizo 120 bado ni za makaratasi, kwa sababu zinadhani kila mwanachama ataleta kila gunia lake la ziada ghalani.

Tarakimu ya kuaminika haitoki shambani, hutoka kwenye rejesta ya mapokezi ya ghala. Tuseme rejesta ya misimu mitatu iliyopita inaonyesha tani 91, tani 78 na tani 84. Mwandishi mwangalifu huanza na msimu mbaya kuliko yote, yaani tani 78. Kisha huondoa kinachopotea katika kuchambua: mawe, mapepe, punje zilizovunjika, zilizotobolewa na za rangi nyingine. Ikiwa ushirika umezoea kupoteza asilimia 5 hapo, zinabaki tani 74 na kidogo. Hizo ndizo tani ambazo mwenyekiti anaweza kuzizungumzia bila kujitia hatarini, na ni chini ya nusu ya zile 192 alizoanza nazo.

Umbali nao una neno lake. Mnunuzi wa jirani anaweza kuchukua tani mbili kila wiki, lakini mnunuzi wa mbali analipa nauli ya gari zima, liwe limejaa au halijajaa. Kontena la futi 20 hubeba tani 20 za maharage na zaidi kidogo. Mwenyekiti anayeandika “tunaweza kukupa tani 9 kila mwezi kwa miezi 8” ametoa hesabu sahihi ya ghala lake, lakini ni mgao usiomfaa yule anayelipa nauli. Heshima kwa mnunuzi wa mbali ni kumfikiria mapema na kuandika shehena 3 za tani 20, zikiachana kwa miezi miwili. Hizo ni tani 60, na zile 14 zinazosalia ni kinga ya msimu ukiwa mbaya kuliko ule mbaya uliokwisha kuandikwa.

Barua ya bei ikitumia hesabu hii inakuwa bora kuliko ilivyokuwa, lakini bado inamtaka mwenyekiti aandike 60 kama ahadi. Barua ya kikao inamruhusu aweke tarakimu zote tatu za rejesta, hata zile zisizopendeza, na kumwacha mnunuzi aone mwenyewe jinsi mapokezi yanavyopanda na kushuka. Nimeshuhudia tarakimu hizo tatu zikimvutia mnunuzi kuliko tarakimu moja kubwa, kwa sababu mtu anayetafuta mzigo wa kudumu anataka kujua shimo liko wapi kabla hajaanza kutembea.

Swali ambalo barua ya bei hailiulizi

Ugavi wa kudumu una ugumu mmoja ambao mauzo ya mara moja hayana. Wanachama huvuna wote kwa pamoja na huhitaji fedha wakati huohuo, kwa ajili ya ada za shule, madeni ya pembejeo na maandalizi ya msimu unaofuata. Mnunuzi naye huchukua shehena ya kwanza sasa, ya pili baada ya miezi miwili na ya tatu baada ya minne, na huenda akalipa kila shehena siku 30 baada ya kuipokea. Fedha ya shehena ya tatu, kwa hesabu hiyo, itamfikia mwanachama baada ya miezi mitano tangu alipoacha gunia lake ghalani. Katikati ya muda huo ni nani anayebeba mzigo wa kusubiri?

Mara nyingi swali hili ndilo huamua kama mpango wa ugavi utaishi, kuliko hata bei ya kilo. Ushirika usio na jibu lake utawaona wanachama wakiuza pembeni, wala haitakuwa haki kuwaita wasaliti, kwa kuwa mtoto anayefukuzwa shule hawezi kusubiri shehena ya tatu. Njia iliyozoeleka ni kumlipa mwanachama malipo ya awali siku anapokabidhi mzigo, kisha malipo ya pili baada ya mauzo. Fedha ya malipo ya awali inaweza kutoka katika akiba ya ushirika, mkopo wa benki unaodhaminiwa na mkataba wa mnunuzi au na mzigo wenyewe ghalani, au mnunuzi mwenyewe akitanguliza sehemu. Kila chanzo kina gharama yake, na gharama hiyo lazima iingie katika bei.

Kwa hiyo mwenyekiti anayetaja bei katika barua ya kwanza anataja tarakimu ambayo haiwezi kuwa sahihi, kwa sababu hajui bado nani atagharimia kusubiri. Bei inayofaa pale mnunuzi anapotanguliza theluthi moja si bei inayofaa pale anapolipa siku 30 baada ya mapokezi. Barua ya kikao inaweza kuliweka swali hili peupe kama ajenda, na mnunuzi mwenye nia atakuja na jibu lililofikiriwa. Ningekuwa na sababu moja tu ya kuchagua barua ya kikao, ningechagua hii.

Ubora na sampuli

Katika ubora barua hizi mbili zinaweza kuwa sawa, nami sitakaa hapa muda mrefu. Kosa la kawaida kwa zote ni kuandika “maharage yetu ni ya ubora wa hali ya juu,” sentensi ambayo haipimiki. Afadhali kuandika unyevu uliosomwa kwenye kipima unyevu, kiasi cha takataka na kiasi cha punje za rangi nyingine. Kiwango cha kimataifa cha Kodeksi cha kunde kavu, namba 171 cha mwaka 1989, kinapendekeza unyevu usiozidi asilimia 15 kwa maharage katika nchi za joto au yanapohifadhiwa kwa muda mrefu, na usiozidi asilimia 19 katika hali ya hewa ya wastani au yanapokaa muda mfupi. Kwa kuwa shehena ya tatu itakaa ghalani miezi minne au zaidi, ushirika unapaswa kujipima kwa ile 15 na ujitahidi kushuka chini yake.

Miezi hiyo minne ina adui mwingine. Mdudu anayetoboa maharage hutimiza maisha yake, kutoka yai hadi mdudu mzima, kwa takribani mwezi mmoja penye joto, hivyo mzigo ulioonekana safi siku ya kwanza unaweza kupitiwa na vizazi vitatu au vinne kabla ya gari la mwisho kufika. Mnunuzi mzoefu atauliza mzigo unahifadhiwaje, na barua inayotaja tangu mwanzo kwamba maharage yanakaa katika mifuko isiyopitisha hewa, iliyofungwa baada ya kukaushwa vizuri, imekwisha kulijibu swali lake.

Sampuli ndiyo inayozipambanua barua hizi. Barua ya bei ikiambatana na sampuli, sampuli hiyo huwa kipimo cha mkataba: chini ya kifungu cha 35 cha mkataba ule wa 1980, bidhaa isiyolingana na sampuli ambayo muuzaji alimwonyesha mnunuzi huhesabiwa kuwa haikukidhi makubaliano, isipokuwa pande mbili zikubaliane vinginevyo. Mwenyekiti anayeteua kilo moja ya punje nzuri kuliko zote amejiwekea kipimo ambacho tani 60 haziwezi kukifikia. Iwe barua ya aina gani, sampuli ichomwe kwa bambo kutoka mifuko mingi, ya juu, ya kati na ya chini, ichanganywe, kisha igawanywe mara tatu: moja iende kwa mnunuzi, moja ibaki ghalani ikiwa imefungwa kwa lakiri, na ya tatu iwekwe kando kwa ajili ya kupimwa na mtu wa tatu ukitokea ubishi. Katika barua ya kikao iandikwe kwamba ni sampuli ya mzigo wa kawaida wa ghala hilo kwa msimu huo, ili mnunuzi ajue anaangalia kitu gani.

Kikao kifanyike wapi

Anayechagua barua ya kikao anabaki na chaguo dogo ndani yake. Kikao ghalani kwa ushirika kinamwonyesha mnunuzi mizani, rejesta, mifuko na wanachama wenyewe, mambo ambayo barua haiwezi kuyabeba, lakini kinamgharimu safari kabla hajapata sababu ya kutosha ya kuifunga. Kikao ofisini kwa mnunuzi kinamwonyesha mwenyekiti jinsi mzigo unavyopokelewa na kukaguliwa, ila kinautoa ushirika fedha za nauli na kumweka mwenyekiti peke yake, mbali na bodi yake, mbele ya watu waliozoea kujadiliana. Kikao cha simu ya video hakigharimu sana, na kwa maoni yangu kinatosha kwa mazungumzo ya kwanza ya saa moja, mradi ajenda imetumwa mapema na pande zote mbili zina sampuli mezani. Ningependekeza mwenyekiti aandike simu ya video kwanza, kisha ziara ya ghalani kabla ya kutia saini chochote, na kumwachia mnunuzi nafasi ya kugeuza mpangilio huo akitaka.

Jambo moja lisipuuzwe, popote kikao kitakapofanyika: mwenyekiti asiende peke yake. Katibu au meneja awepo na aandike muhtasari, kwa sababu mazungumzo ya mdomo kuhusu kiasi na bei yanaweza baadaye kukumbukwa kwa namna mbili.

Lini barua ya bei ndiyo bora

Zipo hali ambazo ningeandika barua ya bei bila kusita. Mnunuzi akiwa ametangaza zabuni na kutaka bei kwa tarehe fulani, barua ya kikao itawekwa kando bila kusomwa. Vilevile mzigo ukiwa umekwisha kuingia ghalani, umelipiwa malipo ya awali na ni mali ya ushirika kwa stakabadhi, mwenyekiti anaahidi kitu alicho nacho, na hatari niliyoieleza inapungua sana. Barua ya bei pia hujibiwa upesi zaidi, kwa sababu mnunuzi anaweza kuilinganisha na bei nyingine alizo nazo siku hiyohiyo. Lakini ulinganisho huo ndio udhaifu wake kwa anayetafuta uhusiano wa kudumu, maana ushirika utapimwa kwa kipimo kimoja tu, na yeyote atakayeshusha bei kidogo atauondoa katika orodha. Anayeichagua aweke muda mfupi, siku 7 au 10, ataje shehena moja badala ya msimu mzima, na ahakikishe bodi imeidhinisha bei hiyo na azimio limeandikwa katika muhtasari kabla barua haijatoka.

Kuna pia aina ya tatu ambayo hupendwa sana, barua fupi ya kujitambulisha isiyo na tarakimu yoyote, inayosema tu kwamba ushirika upo na unakaribisha wateja. Haifungi mtu wala haimpi mnunuzi cha kujibu. Siipendekezi kwa mtu yeyote.

Barua ya kikao ilivyo kamili

Kwa ushirika ule wa mfano, barua ninayoipendekeza ingeandikwa hivi, ikiwa kwenye karatasi yenye jina, namba ya usajili na anwani ya ushirika:

“Kwa Meneja wa Ununuzi,

YAH: KUOMBA KIKAO CHA KWANZA KUHUSU UGAVI WA KUDUMU WA MAHARAGE MEKUNDU

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwenyekiti wa ushirika wa wakulima wenye wanachama 240, na ninakuandikia kwa azimio la bodi yetu, ambalo nakala yake nimeiambatisha.

Tunapendekeza tukutane ili tuzungumzie uwezekano wa ushirika wetu kukupatia maharage mekundu ya aina moja kwa utaratibu wa kudumu. Katika misimu mitatu iliyopita ghala letu lilipokea tani 91, tani 78 na tani 84, kabla ya kuchambua. Kwa kuzingatia msimu uliokuwa na mapokezi madogo, tunakisia kwamba tunaweza kuandaa shehena 3 za tani 20 kila moja, zikiachana kwa miezi miwili, katika mifuko ya kilo 50. Maharage huhifadhiwa katika mifuko isiyopitisha hewa, na tunatuma pamoja na barua hii sampuli iliyochukuliwa kutoka mzigo wa kawaida wa ghala letu msimu huu, ikiwa na karatasi ya vipimo vyake vya unyevu, takataka na punje za rangi nyingine.

Katika kikao hicho tungependa kusikia kwanza mahitaji yako: kiasi, vipindi vya kupokea mzigo, na mambo yanayokufanya uukatae mzigo unapofika. Kisha tungependa tuzungumzie utaratibu wa malipo, hasa namna ya kugharimia muda ambao mzigo unakaa ghalani ukisubiri zamu yake, kwa kuwa wanachama wetu hukabidhi mazao yao kwa pamoja wakati wa mavuno. Bei tungependa tuizungumzie baada ya mambo hayo mawili, kwa sababu inayategemea.

Tunapendekeza mazungumzo ya saa moja kwa simu ya video, Jumanne au Alhamisi ya wiki ya pili ya mwezi ujao, saa nne asubuhi kwa saa za kwako. Ikiwa siku hizo hazikufai, tafadhali tutajie mbili zinazokufaa. Mazungumzo yakienda vizuri, tutafurahi kukukaribisha ghalani kwetu kabla ya hatua nyingine yoyote. Upande wetu nitakuwa mimi na katibu.

Tarakimu zilizomo katika barua hii ni makisio ya kuongozea mazungumzo, wala si ofa ya kuuza. Makubaliano yoyote yatahitaji idhini ya bodi yetu na mkataba wa maandishi.

Wako mtiifu,
Mwenyekiti”

Mwandishi ataona kwamba barua hii haisifu maharage mahali popote, na kwamba sentensi inayouliza ni mambo gani hufanya mzigo ukataliwe imewekwa mbele ya malipo. Hilo nimelifanya kwa makusudi. Mzigo unaokataliwa mbali na nyumbani hugharimu nauli mara mbili au huuzwa kwa bei ya kutupa palepale ulipo, na mnunuzi atakayejibu swali hilo kwa undani amekupa maelezo ambayo hayamo katika kiwango chochote kilichochapishwa. Mmoja huchukia vumbi, mwingine hukataa punje ndogo, mwingine hapokei mzigo uliokaa zaidi ya msimu mmoja kwa sababu maharage ya zamani huchukua muda mrefu kuiva.

Barua ikishatumwa, katibu aandike katika shajara tarehe ya kutumwa, tarehe ya sampuli na namba ya lakiri iliyobaki ghalani. Wiki mbili zikipita bila jibu, ujumbe mmoja mfupi wa kukumbusha unatosha, ukitaja siku mbili mpya. Baada ya hapo mwenyekiti yuko huru kumwandikia mnunuzi mwingine, kwa kuwa hakuna tani hata moja aliyokwisha kuiahidi.